Ukurasa Mmoja kwa Mfadhili: Kuandika Tritimenti ya Dokumentari Kabla ya Skripti

Tritimenti ni maelezo ya filamu yanayofuata mkondo ambao mtazamaji atauona: tunaanzia wapi, tunamwona nani, anataka nini, kinamzuia nini, na mambo yanaelekea wapi. Si andiko la mradi lenye malengo mahususi na viashiria. Wala si skripti, na haiwezi kuwa skripti, kwa sababu katika dokumentari wahusika bado hawajasema maneno yao na matukio mengi hayajatokea. Hata hivyo mfadhili anataka kujua anaombwa fedha za nini. Ugumu wa ukurasa huu uko hapo: unatakiwa kuandika kwa uhakika kuhusu jambo ambalo hujui litaishaje.

Wengi hukwepa ugumu huo kwa kuandika kuhusu mada. Ukurasa unajaa mabadiliko ya tabianchi, ajira kwa vijana, haki za wanawake, na mwisho inakuja sentensi moja kwamba filamu "itaangazia" hayo yote. Mfadhili wa filamu anazijua mada hizo kuliko mwombaji. Asichonacho mezani ni mtu, mahali, na jambo lenye tarehe ambalo linaweza kwenda upande wowote. Ukimpa hivyo vitatu, mada ataiona mwenyewe.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: dokumentari kuhusu mkulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Filamu na mhusika, ambaye nitamwita Bi Mkubwa, ni vya kubuni kwa ajili ya somo hili, ila hali yenyewe ni ya kweli. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wakulima wengi tangu hapo ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili: spinosum, ambao ni mgumu lakini bei yake ni ya chini, na cottonii, unaolipa zaidi ila hauvumilii joto. Maji ya kina kifupi yamezidi kuwa moto, na cottonii imekufa katika mashamba mengi ya karibu na ufuko. Bado inaweza kulimwa kwenye maji yenye kina, kwa kamba zinazoelea. Tatizo ni kwamba huko lazima uende kwa chombo, na wanawake wengi wanaolima mwani hawajui kuogelea.

Hiyo ni mada. Bado si filamu.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote

Nenda ukakae huko kwanza, hata kama huna kamera. Unakwenda kutafuta majibu ya maswali matatu, na ukurasa wako utasimama juu ya majibu hayo.

La kwanza ni nani, na anataka nini ambacho kinaweza kuonekana kwa macho. "Anataka maisha bora" haipigiki picha. "Anataka kufunga kamba kumi za cottonii kwenye kina kabla ya kaskazi" inapigika, na mtazamaji atajua siku alipofaulu au aliposhindwa.

La pili ni kama atakuruhusu kuwepo, na kwa kiwango gani. Kukubali kuhojiwa barazani ni jambo moja. Kukubali kamera iwepo siku anapogombana na kaka yake kuhusu dau ni jambo jingine kabisa. Mfadhili mzoefu atauliza kuhusu hili kabla ya kuuliza kuhusu picha nzuri, kwa hiyo ulizungumze waziwazi na mhusika mapema, na ujue pia yupi kati ya watu wanaomzunguka hataki kuonekana.

La tatu ni kalenda. Tafuta vitu vitakavyotokea uwepo usiwepo. Kwa mkulima wa mwani kalenda iko mbinguni: kazi ya shambani hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu ndipo maji hukupwa mpaka mashamba yakawa wazi. Mwani huvunwa baada ya wiki kama sita. Miezi ya joto ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo inayoutesa zaidi. Ukiyajua haya, tayari una muundo wa filamu ambao hakuna anayeweza kukuambia umeutunga.

Kuna faida nyingine ya kwenda mwenyewe, nayo ni kuepuka picha za uongo. Mtu aliyeandikia mezani huanza hivi: "Jua linachomoza juu ya Bahari ya Hindi. Wanawake wanatembea taratibu kuelekea mashambani." Inapendeza, lakini Unguja siku za bamvua maji hujaa alfajiri na hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Jua likichomoza, shamba bado liko chini ya maji. Mfadhili wa Nairobi au Amsterdam huenda asijue, lakini mara nyingi miongoni mwa wasomaji wake yupo anayejua, na akikamata kosa la namna hiyo kwenye mstari wa kwanza hataamini kwamba unamjua mhusika wako. Isitoshe, ukweli huo unabadilisha filamu yenyewe: kazi yote inafanyika kwenye mwanga mkali wa saa nne, juu ya mchanga mweupe, na mpiga picha lazima aamue afanye nini na mwanga huo.

Sentensi ya msingi

Juu ya ukurasa, chini ya jina la filamu, inakaa sentensi moja au mbili. Mfadhili ataitumia kumweleza mwenzake filamu yako wakati wewe haupo, kwa hiyo iwe rahisi kuisema kwa mdomo. Iwe na mtu, anachotaka, kinachomzuia, na muda.

Jaribio la kwanza la filamu yetu lingeweza kuwa hili: "Dokumentari hii inaangazia changamoto zinazowakabili wanawake wakulima wa mwani Zanzibar kutokana na mabadiliko ya tabianchi na jinsi wanavyopambana nazo." Hakuna uongo ndani yake, ila unaweza kuweka "wavuvi wa Pemba" au "wafugaji wa Longido" badala ya wakulima wa mwani na sentensi isitikisike. Ndiyo dalili kwamba bado uko kwenye mada.

Jaribio la pili: "Mkulima wa mwani wa Paje, aliyefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini bila kujua kuogelea, ana miezi mitatu ya kujifunza kuogelea na kupeleka kamba zake kwenye maji ya kina, kabla joto la kaskazi halijafika." Hapa ukibadilisha mtu au mahali, filamu inavunjika. Na mabadiliko ya tabianchi yamo ingawa hayakutajwa.

Usiweke swali kwenye sentensi hii. "Je, atafanikiwa?" ni mzigo usio wa lazima, kwa sababu msomaji ameshajiuliza.

Aya ya kwanza: mfanye aone

Aya inayofuata ni tukio moja, lililoandikwa kwa wakati uliopo, lenye vitu vinavyoonekana na kusikika tu. Usiandike "tutamwonyesha Bi Mkubwa akifanya kazi". Andika anachofanya: anainama, anafunga, anasimama, anatazama. Tukio liwe umeliona kwa macho yako au mhusika amekuhakikishia hutokea hivyo kila mara. Kutunga tukio la dokumentari ni kumdanganya mfadhili, na siku ya kupiga picha utatafuta kitu ambacho hakipo.

Chagua tukio ambalo ndani yake kizuizi kinaonekana bila kuelezwa. Kwetu sisi si mavuno, ingawa mavuno yana rangi. Ni mahali ambapo mhusika husimama asiendelee mbele. Akiwa mstari wa mwisho wa kamba zake, maji yakimfika kifuani, anatazama maboya yanayoelea mbele yake na harudi wala haendi. Sentensi tatu au nne zinatosha. Msomaji akishamwona amesimama pale, huna haja ya kumwandikia kwamba anaogopa.

Vivumishi vya sifa huleta hasara hapa. "Mwanamke shupavu", "safari ya kusisimua", "mandhari ya kuvutia" ni hukumu, na hukumu ni kazi ya msomaji. Nikikagua kurasa za watu hivi ndivyo vya kwanza kukatwa, na mara nyingi tukio hubaki limesimama imara zaidi baada ya kukatwa.

Katikati: kuandika yasiyotokea

Hii ndiyo sehemu wanayokwama watu, nami nashauri uipe muda mwingi kuliko nyingine zote. Unaandika kuhusu miezi ijayo. Ukisema mhusika atafanikiwa, umeahidi usichoweza kukitoa, na mfadhili atajua kwamba uko tayari kulazimisha ukweli. Ukisema "tutafuata maisha yake na kuona kitakachotokea", umeomba fedha za kusubiri.

Njia ya katikati ni kugawa mambo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yatakayotokea kwa hakika: bamvua zitakuja, masomo ya kuogelea yatafanyika, dau litahitajika, kaskazi itaingia, mwezi wa Januari maji ya ufukweni yatapata moto. Haya unayaandika moja kwa moja, kwa mpangilio wa tarehe. Fungu la pili ni yale yanayoweza kwenda pande mbili: atazoea maji au ataacha masomo, kaka yake ataendelea kumwazima dau au atalichukua wakati wa samaki wengi, cottonii itapona au itakufa. Kwa kila moja kati ya hayo, jiulize kama filamu inasimama upande wowote mambo yatakapoelekea. Jibu likiwa ndiyo, liandike hivyo: mambo yakienda huku, tutaona hiki, na yakienda kule, tutaona kile. Jibu likiwa hapana, yaani filamu yako inahitaji lazima afaulu, basi bado hujapata filamu. Rudi kwa mhusika ukatafute swali lililo kubwa kuliko mavuno.

Katika mfano wetu swali hilo lipo. Cottonii ikifa, bado tunaye mwanamke aliyekwenda mahali ambapo miaka yote alikuwa akipaogopa, akiwa na madeni ya kamba na binti anayemwuliza kama naye aingie kwenye kazi hii au atafute kibarua hotelini. Cottonii ikipona, wanawake wengine watataka kumfuata, na dau ni moja. Kila upande una tukio la kupigwa picha.

Usiandike zaidi ya njiapanda mbili. Ukurasa hauna nafasi, na zikizidi msomaji anaanza kuona kwamba unakisia.

Filamu itaonekana na kusikikaje

Aya moja fupi. Hapa wengi huandika orodha ya vifaa: kamera aina hii, droni, lenzi ile. Mfadhili hahitaji vifaa, anataka uamuzi na sababu yake. Sababu nzuri hutoka kwenye mahali penyewe. Kwa kuwa kazi hufanyika kwenye mwanga mkali wa saa nne, tunaweza kuamua kwamba shambani kamera itakaa chini, usawa wa maji, mahali ambapo mwili wa mhusika na kanga yake vinaukata mwanga, na kwamba mazungumzo ya ndani tutayapiga jioni kwenye baraza wakati wa kufunga mbegu kwenye kamba. Kuhusu sauti, amua kama kuna msimulizi au hakuna. Ukisema hakuna, eleza habari za lazima zitamfikiaje mtazamaji: kwa mazungumzo ya wanawake wakiwa kazini, kwa mwalimu wa kuogelea anapofundisha, kwa mnunuzi anapopima mwani na kutaja bei.

Kuhusu droni nina msimamo: isipokuwa picha ya juu inasema jambo ambalo ya chini haiwezi, usiitaje. Mashamba ya mwani yakipigwa kutoka juu yanapendeza sana, na ndiyo maana mfadhili ameshayaona mara nyingi.

Aya ya mwisho: mlango, watu, fedha

Sehemu hii isiwe na maua yoyote. Sema umemjua mhusika tangu lini na amekubali nini. Sema wewe ni nani kuhusiana na filamu hii, si wasifu mzima: kama umekulia pwani hiyo, kama unazungumza kama wao, kama umewahi kumaliza filamu hata ya dakika kumi. Filamu fupi iliyokamilika ina uzito kuliko ndefu tano "zinazoandaliwa". Kama mwongozaji ni mwanamume na wahusika ni wanawake watakaokuwa majini na nguo zimelowa, sema nani atashika kamera. Swali hilo litaulizwa, na jibu zuri linaonyesha kwamba umefikiri.

Kisha fedha. Wafadhili wengi hutenganisha fedha za maandalizi, yaani utafiti, safari za mwanzo na tiza, kipande kifupi cha kuionjesha filamu, na fedha za utengenezaji wa filamu nzima. Soma tangazo lao ujue wanatoa ipi, uombe hiyo, na useme itakuachia nini mkononi ikiisha. Docubox ya Nairobi, kwa mfano, ni mfuko wa watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. IDFA Bertha Fund ya Amsterdam hupokea maombi kutoka nchi nyingi, na Tanzania na Kenya zimo. Baadhi ya mifuko ya kimataifa ina fomu yenye visanduku tofauti kwa muhtasari, mtindo, muundo na hadhira. Hata huko ukurasa huu haupotei: ukishauandika vizuri, kila aya inakwenda kwenye kisanduku chake na kurefushwa kidogo.

Vibali visichukue zaidi ya nusu mstari, lakini visisahaulike. Kibali cha kupiga picha Tanzania Bara hakikupeleki Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar ina mamlaka yake ya filamu. Kumtaja unayepaswa kumwendea kunaonyesha umeshafika huko.

Ukurasa wenyewe

Huu hapa, ukiwa umeunganishwa. Mhusika nimemwita Bi Mkubwa. Kwenye karatasi yako litakuwa jina lake, kwa ridhaa yake.

*MAJI YA SHINGO*
*Dokumentari, dakika 60. Hatua: maandalizi.*

*Mkulima wa mwani wa Paje, aliyefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini bila kujua kuogelea, ana miezi mitatu ya kujifunza kuogelea na kupeleka kamba zake kwenye maji ya kina, kabla joto la kaskazi halijafika.*

*Saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Bahari imekupwa hadi karibu na mwamba. Bi Mkubwa anapita kati ya kamba zake akichuma mwani uliopauka na kuvunjika mkononi. Anafika mstari wa mwisho. Maji yako kifuani. Mbele yake, hatua chache, maboya ya kamba za cottonii yanapanda na kushuka. Binti yake anamwita kutoka ufukweni. Hageuki, wala haendi mbele.*

*Alianza kulima akiwa msichana, miaka ile mwani ulipoingia Paje. Cottonii ilimjengea nyumba. Sasa karibu na ufuko inakufa, na spinosum aliobaki nao haulipi gharama ya kamba. Amekopa fedha za kamba kumi za kwenye kina. Oktoba anaanza kujifunza kuogelea pamoja na wanawake wengine wa kikundi chake, jioni, maji yakiwa yamejaa na wavuvi wameshaondoka ufukweni. Novemba anafunga kamba zake kutoka kwenye dau la kaka yake, ambaye ametamka wazi kwamba msimu wa samaki ukianza dau atalitaka.*

*Tunamfuata kwa bamvua nane, Oktoba hadi Januari. Mbegu zikipona, wanawake wa kikundi watataka kamba zao ziwe pale pale, na dau ni moja. Zikifa, atabaki na deni, na binti yake, aliyeomba kazi katika hoteli jirani, ataamua kama anabaki shambani. Mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikiwa kali, mnunuzi anapima kilichopo, kiwe gunia au kiganja. Hapo ndipo filamu inapoishia.*

*Hakuna msimulizi. Habari zinasikika wanawake wanapofunga mbegu barazani, mwalimu anapofundisha kupumua, mnunuzi anapotaja bei. Baharini kamera inakaa usawa wa maji na kupanda pamoja nayo. Kadiri Bi Mkubwa anavyozoea kina ndivyo kamera inavyozama, mpaka tunaona kamba zake kutoka chini.*

*Mwongozaji amezaliwa pwani hii na amekuwa akimtembelea Bi Mkubwa kwa mwaka mmoja. Bi Mkubwa, binti yake na kaka yake wamekubali kupigwa picha. Kamera baharini itashikwa na mpiga picha mwanamke. Kibali kinaombwa Zanzibar. Tunaomba shilingi milioni 14 za maandalizi: bamvua mbili za kwanza kwa watu wawili, dau, kukodi kifuniko cha kamera cha majini, na uhariri wa tiza ya dakika tano itakayokuwa tayari Desemba.*

Angalia mambo mawili hapo. Neno tabianchi halimo popote, na mfadhili wa mazingira hatakosa kuliona. Pili, mwisho umefungwa kwa siku, si kwa matokeo. Mnunuzi atakuja kupima hata kama kilichopo ni kidogo, kwa hiyo filamu ina mlango wa kutokea.

Kuukagua kabla ya kuutuma

Ukurasa mmoja ni A4, herufi za ukubwa wa 11 au 12, na pambizo za kawaida, yaani maneno kama 400. Usipoenea, usipunguze herufi. Kata sentensi ya kwanza ya kila aya uone kama inahitajika, kwa sababu mara nyingi ni utangulizi uliouandika ili ujipashe moto. Kisha pigia mstari kila sentensi inayoweza kuonekana au kusikika kwenye skrini. Mistari ikiwa chini ya nusu ya ukurasa, bado unaeleza mada.

Mpe mtu asiyejua filamu wala mwani, asome mara moja, kisha umwondolee karatasi na umwombe akusimulie. Akisema "ni kuhusu wanawake na mazingira", rudi kwenye sentensi ya msingi na aya ya kwanza. Akisema "kuna mama hajui kuogelea lakini kamba zake ziko kwenye kina", umefika. Sikiliza pia anapokosea. Akidhani kaka ndiye mbaya wa hadithi, huenda umemwandika kwa upande mmoja, na kaka huyo huyo ndiye utakayemwomba dau.

Halafu msomee mhusika mwenyewe, kwa Kiswahili, hata kama nakala itakayotumwa ni ya Kiingereza. Karatasi hii itapita mikononi mwa watu wasiojulikana kwake. Deni, ugomvi wa familia, ugonjwa: aamue yeye kama vinakwenda. Akikuambia deni lisitajwe, litoe, na utafute kitu kingine kinachobeba uzito huo. Mara nyingi atakusahihisha pia mambo ya kazi ambayo usingeyajua, kama idadi ya kamba ambayo mtu mmoja anaweza kuifunga katika bamvua moja, na masahihisho hayo ndiyo yanayoupa ukurasa harufu ya mahali.

Ukitafsiri, acha maneno kama bamvua na kaskazi yalivyo, yakifuatwa na maelezo mafupi ndani ya sentensi. Tafsiri mwenyewe au kaa karibu na mtafsiri, maana mtafsiri asiyeijua filamu hurudisha vivumishi vyote ulivyovikata.

Tuma kwa PDF yenye jina la filamu na la mwongozaji, si "final2". Weka tarehe chini ya ukurasa. Mfadhili akipendezwa, ataomba bajeti kamili na chochote kilichokwisha kupigwa picha, kwa hiyo viwe tayari hata kama hukuviambatisha. Na kila bamvua ikipita, fungua ukurasa uandike upya aya ya katikati: yaliyotokea yaingie mahali pa yaliyokuwa yanasubiriwa, njiapanda iliyofungwa itoke, na mpya iingie kama ipo. Dirisha la maombi linalofuata likifunguliwa, unatuma ukurasa wenye tarehe mpya na miezi kadhaa ya kazi inayoonekana ndani yake.